Wacheni kutudanganya na "kila malloc na free yake"

Wasee, leo nimekuja na ugomvi.

Kila mtu anayefundisha C, kuanzia lekchara wangu wa zamani hadi yule jamaa wa YouTube mwenye taa za rangi nyuma ya kiti, huwa na sentensi moja anayoitupa na kuendelea: "Kumbuka, kila `malloc` lazima iwe na `free` yake." Darasa linaandika. Eksamu inaiuliza. Mnaipata, mnapewa alama mbili, mnaenda nyumbani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo najua mtakachosema kwenye komenti. Semeni tu. Lakini hiyo sentensi niliibeba kutoka darasani hadi kwa mizani ya majani chai, na ikanifanya nipoteze kilo za watu waliotoka kuchuma tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hivyo nina haki ya kuikasirikia.

Shida yake ni hii. Inakuambia `free` ziwe ngapi, lakini haikuambii ni nani anapaswa kuziita. Na karibu kila pointa inayoning'inia, na karibu kila kuachilia mara mbili, hutoka hapo tu: sehemu mbili za programu zina anwani moja ya memori, na hakuna aliyeamua ni ya nani.

Kwa wale ambao C imewapita kidogo, wacha nieleze kwa kitu ambacho mtu wa Kericho anakijua. Fikiria kambi ya wafanyakazi wa chai, zile nyumba zimepangwa kwa laini. Unaajiriwa, karani anakupa nyumba namba 14. Hiyo ndiyo `malloc`. Ukiacha kazi, unarudisha nyumba kwa karani. Hiyo ndiyo `free`. Pointa ni kile kikaratasi kilichoandikwa "14" ulichoweka mfukoni.

Sasa umerudisha nyumba, lakini kikaratasi bado unacho. Hakuna aliyekunyang'anya. Hiyo ndiyo pointa inayoning'inia. Ukirudi kesho ukaingia namba 14, huenda ukakuta kitanda chako bado kipo kwa sababu hakuna aliyehamia, ukadhani mambo yako sawa. Au utakuta familia nyingine inakunywa mursik yake, na wewe unaanza kupanga vitu vyao ukidhani ni vyako. C haitakuzuia mlangoni.

Kuachilia mara mbili ni mbaya zaidi. Unarudisha nyumba namba 14 leo, halafu kesho unaenda kuirudisha tena. Karani mzembe anaandika "14" mara mbili kwenye orodha ya nyumba zilizo wazi. Wiki ijayo anawapa familia mbili nyumba moja, na kila mmoja ana uhakika ni yake.

Hayo ndiyo maneno. Sasa kisa.

Mwaka juzi mimi na beshte yangu tulipewa kazi na mnunuzi mmoja mdogo wa majani upande wa Bomet. Sitamtaja, na makosa yalikuwa yangu, si yake. Alitaka mizani yake iunganishwe na kompyuta ndogo ya Linux. Mkulima analeta gunia, uzito unasomwa, risiti inachapishwa hapo hapo, na rekodi inatumwa ofisini kwa intaneti. Mtandao ukipotea, rekodi zingoje kwenye foleni hadi urudi. Niliandika kwa C kwa sababu, kusema ukweli, nilitaka kuonekana mkali.

Kiini cha programu kilikuwa hiki:

```c
struct mzigo {
    char namba[16];
    double kilo;
};

struct mzigo *m = malloc(sizeof *m);
/* ... jaza namba na kilo ... */
weka_ofisi(m);    /* foleni ya kutuma */
weka_risiti(m);   /* foleni ya printa */
```

Foleni zote mbili zilikuwa safu tu za pointa. Ona vizuri: mzigo ni mmoja, lakini vikaratasi vyenye anwani yake ni viwili. Halafu printa ikimaliza:

```c
void chapisha(struct mzigo *m) {
    printf("%s  %.1f\n", m->namba, m->kilo);
    free(m);
}
```

`malloc` moja, `free` moja. Lekchara angenipa alama zote mbili.

Na ilifanya kazi. Mtandao ukiwa mzuri, rekodi ilitumwa papo hapo, kabla risiti haijachapishwa. Kisha risiti inatoka, memori inaachiliwa, hakuna anayeigusa tena. Tulijaribu mjini siku mbili, ikawa poa kabisa.

Siku ya tatu kituoni, mvua ikanyesha na mtandao ukaenda. Wakulima saba wakapima majani mtandao ukiwa umepotea. Kila mmoja alipata risiti yake, na risiti zilikuwa sahihi. Mtandao ulirudi wa saba akiwa ameshapimwa lakini risiti yake haijachapishwa, na ofisi ikapokea rekodi saba. Saba na saba, hesabu inalingana, tukaenda nyumbani tumefurahi.

Keshoye kogo mmoja akaja kituoni na risiti zake kwenye karatasi ya nailoni. Akaniangalia, akasema, "Weri, hii yangu inasema 23.5. Ofisini wananiambia jana sikuleta kitu."

Nilifungua rekodi za ofisi. Zilikuwa saba kweli, lakini zote saba zilikuwa za mkulima wa mwisho. Namba yake, kilo zake 14.0, mara saba. Jamaa alileta kilo 14 na kompyuta ikamwandikia 98. Wengine sita, hakuna hata gramu.

Hebu tufuate ilivyotokea. Mkulima wa kwanza anapimwa, `malloc` inampa memori kwenye anwani fulani, tuiite A. Kikaratasi cha A kinawekwa foleni ya kutuma, kingine foleni ya printa. Mtandao hakuna, kwa hivyo kutuma kunangoja. Printa inachapisha na kuita `free(A)`. Kuanzia hapo, kikaratasi kilicho kwenye foleni ya kutuma kinaning'inia.

Mkulima wa pili anapimwa. Anahitaji memori ya ukubwa ule ule, baiti 24. Maktaba ya C kwenye Linux, glibc, huweka vipande vidogo vilivyoachiliwa karibuni kwenye akiba iitwayo tcache, na cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka. Kwa hivyo inampa A ile ile. Namba na kilo za mkulima wa pili zinaandikwa juu ya za wa kwanza. Vivyo hivyo hadi wa saba. Mtandao unaporudi, kabla risiti ya wa saba haijachapishwa, foleni ya kutuma ina vikaratasi saba, vyote vimeandikwa A, na ndani ya A anaishi mtu wa saba.

Programu haikuanguka hata mara moja. Hakuna ujumbe wa kosa uliotokea. Watu hudhani makosa ya memori ni programu kuzima kwa kishindo, na kumbe kuzima ndiyo bahati nzuri. Bahati mbaya ni ile inayoendelea kufanya kazi huku ikimpa mtu mmoja majani ya wenzake sita. Kogo aliokolewa na karatasi yake, na wengine pia, kwa sababu mwenye kituo alirekebisha rekodi zote kutoka kwa risiti. Kama tungekuwa wale wa "risiti ya karatasi imepitwa na wakati, tutatuma meseji", zile kilo zingekuwa zimeenda.

Sasa sikiza nilivyoirekebisha, kwa sababu hapa ndipo ule usemi ulinimaliza.

Nilirudi nyumbani usiku na kuangalia sehemu ya kutuma. Nikaona inachukua pointa, inaitumia, na haina `free`. Kichwani ikalia ile sauti ya darasani: anayemaliza kazi na memori aiachilie. Nikaongeza mstari mmoja:

```c
void tuma(struct mzigo *m) {
    peleka_ofisi(m);
    free(m);
}
```

Sasa nilikuwa na watu wawili wanaorudisha nyumba moja. Asubuhi mtandao ulikuwa mzuri. Rekodi ya kwanza ikatumwa, ikaachiliwa. Kisha printa ikachapisha risiti yenye kilo sahihi lakini namba ya mkulima ikawa takataka. Hilo lina sababu yake. Glibc ikipokea kipande kwenye tcache, huandika mambo yake kwenye baiti 16 za mwanzo, na hizo ndizo zilikuwa `namba`. `kilo` ilikuwa baada yake, ikabaki salama. Ukiwahi kuona data ambayo mwanzo wake umeharibika na mwisho wake uko sawa, shuku kwamba unasoma kitu kilichoachiliwa.

Kisha `chapisha` ikaita `free` yake, na skrini ikasema:

```
free(): double free detected in tcache 2
Aborted
```

Huu ujumbe ni rafiki. Lakini usiutegemee. Glibc hukigundua kipande kwa alama iliyoiweka ndani yake kilipoachiliwa mara ya kwanza. Kama kati ya `free` ya kwanza na ya pili mkulima mwingine angepimwa na kupewa A, alama ile ingefutwa, na `free` ya pili ingeachilia memori ya mkulima aliye hai. Hakuna ujumbe ungetoka. Karani angeona mtu anarudisha nyumba yenye wakaaji na angesema asante.

Beshte yangu, ambaye alibaki chuo, akasema, "Bro, si uweke `NULL` tu baada ya `free`?" Huu ni ushauri wa pili maarufu, na nauchukia karibu kama ule wa kwanza. Ndani ya `chapisha`, `m` ni nakala ya kikaratasi. Ukiandika `free(m); m = NULL;` umefuta kikaratasi kilicho mkononi mwako, ambacho kingetupwa tu fanksheni ikiisha. Kile cha kwenye foleni ya kutuma bado kimeandikwa A. `NULL` husaidia pale tu unapofuta kikaratasi kinachobaki, na pale tu kinapokuwa kimoja.

Najua kuna mtu anasema haya ni ya watoto wa kijijini waliojifundisha, wataalamu hawakosei hivi. Sawa. Fungua simu yako, uangalie ile app ya kijani.

Oktoba 2019, mtafiti anayejiita Awakened alichapisha maelezo ya kosa la kuachilia mara mbili ndani ya WhatsApp ya Android. Lina namba, CVE-2019-11932. Kosa halikuwa kwenye msimbo wa WhatsApp wenyewe bali kwenye maktaba huria ya kusoma picha za GIF, `android-gif-drawable`, ambayo WhatsApp iliitumia. Maktaba ilikuwa na pointa moja, `rasterBits`, kwa ajili ya pikseli za fremu. Fremu ikija na ukubwa tofauti, iliomba memori upya kwa `reallocarray`. Swali ni hili: ukiomba upya ukubwa wa sifuri, nini hutokea? Kwenye Android, memori ya zamani huachiliwa na unarudishiwa `NULL`. Yaani ni `free` iliyovaa koti. Msimbo uliona `NULL`, ukadhani memori imeisha, ukaondoka bila kubadilisha `rasterBits`. Pointa ikabaki inaning'inia. Fremu nyingine ya ukubwa sifuri ikaja, na memori ile ile ikaachiliwa tena.

Kilichofuata ni ile hadithi ya nyumba 14. Maombi mawili yaliyofuata ya ukubwa ule ule yalipewa anwani moja. La kwanza lilikuwa muundo wa taarifa za GIF, wenye ndani yake pointa ya fanksheni ya kuitwa baadaye. La pili lilikuwa pikseli. Kwa hivyo pikseli za picha, zilizochaguliwa na mshambulizi, ziliandikwa juu ya anwani ya fanksheni. Mlengwa hakuhitaji kuifungua hiyo GIF. Ilitosha afungue galari ndani ya WhatsApp ili atume picha yoyote, kwa sababu hapo WhatsApp ilisoma GIF ili kuonyesha picha ndogo. Haikuwa rahisi kabisa: mshambulizi alihitaji pia kujua anwani za memori kwa njia nyingine, na ilifanikiwa kwenye Android 8.1 na 9, huku matoleo ya zamani yakianguka tu. WhatsApp ilirekebisha katika toleo 2.19.244.

Angalia kwamba kwenye ile maktaba hakuna aliyesahau `free`. Waliita zaidi ya moja, na moja ilikuwa imejificha ndani ya jina lingine. Ule usemi ungewasaidia nini hapo?

Basi niseme kilichonisaidia mimi, badala ya kulia tu.

Niliuliza swali moja kuhusu kila `malloc`: mwenyewe ni nani? Mmoja tu. Kwenye mizani, mwenyewe ni foleni ya kutuma, kwa sababu ndiyo inayoweza kungoja muda mrefu zaidi. Wengine wote ni wageni. Wanatazama, wanaondoka, hawaweki kikaratasi mfukoni. Na printa, ambayo ina foleni yake na kwa hivyo ingehitaji kuweka kikaratasi, nikaipa nakala ya data yenyewe badala ya pointa. Jamaa mmoja alinichambua kwamba nakala zinapoteza memori. Mzigo mmoja ni baiti 24. Wakulima saba ni baiti 168. Hiyo sentensi aliyoniandikia ilikuwa ndefu kuliko mizigo mitatu.

Kisha niliandika uamuzi huo mahali ambapo kompaila inausoma:

```c
void chapisha(const struct mzigo *m);  /* mgeni */

void achilia(struct mzigo **pm) {      /* mwenyewe tu */
    free(*pm);
    *pm = NULL;
}
```

Lile neno `const` linafanya kazi kubwa. Kesho nikichoka nikaandika `free(m)` ndani ya `chapisha`, gcc itanionya kwamba natupa `const`. Na `achilia` inapokea anwani ya kikaratasi chenyewe kwenye foleni, kwa hivyo hapa `NULL` inafuta kile kinachobaki. Ikiitwa mara mbili kwa bahati mbaya, mara ya pili ni `free(NULL)`, ambayo kwa sheria ya C haifanyi kitu. Katika programu nzima neno `free` linaonekana mara moja tu. Naweza kulitafuta na kulikuta.

Halafu nilijaribu kwa kifaa ambacho sikuwahi kuonyeshwa darasani:

```
gcc -g -fsanitize=address mizani.c -o mizani
```

Hicho huitwa AddressSanitizer. Hakirudishi haraka memori iliyoachiliwa, na ukiigusa kinasimamisha programu na kukuonyesha mstari ulioigusa, mstari ulioiachilia na mstari ulioiomba. Niliendesha ile programu yangu ya kwanza nayo, nikachomoa mtandao, nikapima vitu viwili, nikarudisha mtandao. Ikasema `heap-use-after-free` na kunitajia `chapisha` kwa jina. Dakika tano. Lakini sikiza: mtandao ukiwa umewaka isingeona kitu, kwa sababu hukagua njia ambazo programu imepita tu. Ndiyo maana kujaribu mjini kwenye waifai nzuri hakukunisaidia. Jaribu siku mbaya, si siku nzuri.

Na kabla hamjaandika "tumia Rust" kwenye komenti: ndiyo, Rust ingekataa ule msimbo wangu wa kwanza. Unajua ingeukataa kwa nini? Kwa sababu sheria yake ya msingi ni kwamba kila kitu kina mwenyewe mmoja na wengine wanaazima. Ni somo lile lile, ila kompaila ndiyo mwalimu. Kama hujui mwenyewe wa data yako ni nani, Rust itakupigia kelele siku nzima na hutajua inataka nini.

Kwa hivyo walimu, na nyinyi wa taa za rangi, ile sentensi iondoeni. Mwambieni mwanafunzi, kabla hajaandika `malloc`, aandike kwanza kwenye komenti jina la atakayeachilia. Akishindwa kuandika jina moja, asiandike `malloc`.

Kogo bado ananiita weri, na bado ananionyesha risiti kila tukikutana, hata kama sijauliza. Ana haki.